Siku Kizazi Changu Kiliposalimika

Jumatano, 15 Machi 1995. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne.

Nimekwenda hospitali na wifi, nikihofia nitaambiwa kizazi kitolewe. Mwaka mzima tumbo la chini linaniuma, na dawa za maambukizi nimemeza mara tatu. Mganga wa zahanati simlaumu, maana panapouma nilikuwa namwonyesha kwa kiganja kizima.

Daktari, mama wa makamo, aliuliza mengi. Maumivu yanafuata hedhi? Mkojo? Choo? Tendo la ndoa? Kote nikajibu hapana. Nyumbani kuna amani? Ipo. Mkojo ukapimwa, ukawa safi. Akanipima kwa ndani, kizazi hakikuuma.

"Sasa nionyeshe kwa kidole kimoja."

Nikagusa pembeni ya kovu la upasuaji wa uzazi. Akabonyeza hapo, akaniambia niinue kichwa. Maumivu yakazidi.

"Yangekuwa ya ndani, misuli ikikaza yangepungua," alisema. "Haya yapo kwenye ukuta wa tumbo. Nadhani mshipa wa fahamu umebanwa."

Akachoma sindano ya ganzi palepale. Baada ya muda kidogo nikainua kichwa tena, maumivu hayapo.

"Yanaweza kurudi, tutachoma tena. Lakini kizazi chako hatukigusi."

Nje wifi akanicheka. "Jumuiya nzima tumeombea kizazi, kumbe mgonjwa ni kovu."

"Kwani kizazi hakijapona kisu?" nikamjibu.

Labda nimesahau mengine aliyosema daktari. Jioni tumekula ugali na dagaa wa Nyasa, na ugali nimeusonga mwenyewe.