Mama wa Pembeni mwa Picha

Mwenzangu alipopata kazi Kisumu, nilibaki peke yangu na kurasa za watu. Tulikuwa tumezihudumia pamoja katika chumba changu cha Makadara: ukurasa wa fundi wa makochi, wa mama anayeshona sare za shule, na wa kwaya ya kina mama inayofanya mazoezi Kaloleni. Walitutumia picha na video, nasi tukazipandisha kwenye mitandao mitatu ya kijamii.

Kila mtandao ulikuwa na masharti yake. Wa kwanza tuliuwekea picha za mraba, kwa kuwa ndizo zilizopangika vizuri pale. Wa pili ulipokea picha pana na video ndefu. Wa tatu ulikuwa wa video za wima, na ile sehemu tuliyoitumia ilikataa chochote kilichozidi dakika moja.

Mwenzangu alizikata picha kwa mkono, moja moja, huku akizisemesha. Alimwambia fundi asogee kidogo, akamwuliza mteja kwa nini amefumba macho siku ya kuletewa kochi jipya. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza nikiandika maneno ya kuambatana na picha. Alipoondoka nilijaribu kuendelea vilevile. Kazi haikunishinda kwa wingi wake. Kilichonishinda ni kukata picha bila kusikia mtu akizisemesha.

Ndipo nikaandika programu ya kunifanyia. Nikiweka picha kwenye folda, inasoma upana na kimo chake, inaipunguza bila kuivuta ikapotoka, kisha inakata mraba kutoka katikati. Ikiwa ni video, inasoma urefu wake kabla ya kuituma. Iliyotosha inapita. Iliyozidi inakatwa mkia ili itoshe, kwa ajili ya ule mtandao wa tatu. Baada ya hapo kila kitu kinaenda chenyewe. Nilifurahi siku ilipofanya kazi bila kukwama. Nilitaka kumwonyesha mtu, nikakuta hakuna wa kumwonyesha, nikaenda kununua maziwa.

Wiki zikapita hivyo. Picha zilikuja, zikapunguzwa, zikaenda. Sikuwa nazitazama tena, maana hapakuwa na haja.

Ujumbe ulikuja kwenye ukurasa wa kwaya, kutoka kwa msichana aliyesema yuko Ughaibuni, nchi za Waarabu, anamtunza bibi mzee wa watu. Aliandika: "Sasa admin. Mimi ni mtoto wa yule mama mrefu wa kwaya. Naomba uniambie ukweli, mathe anaumwa?"

Nilimjibu kwamba sina habari ya ugonjwa wowote. Akaniandikia maelezo marefu. Alikuwa akimpigia mama yake kila alipopewa nafasi, na mama alisema yuko sawa, ameimba Jumapili kama kawaida. Lakini kwenye picha hakuwepo. Kwenye video pia hakuwepo. Miaka ya nyuma mama huyo alipasuliwa tumbo, akawaficha watoto wake habari hiyo mpaka jeraha likapona. Sasa binti aliamini amefichwa tena, na kila kwaya ilipoweka picha aliifungua akihesabu nyuso, akimtafuta.

Nikafungua folda ya picha kama zilivyotumwa, kabla hazijaguswa. Mama alikuwemo katika kila moja. Kwa vile ni mrefu, walimsimamisha mwisho wa mstari, upande wa kulia, na kwaya ile ikijipanga ni mstari mpana. Programu ilipokata mraba kutoka katikati, watu wa pembeni walibaki nje. Upande wa kushoto waliachwa kina mama waliobadilishana nafasi kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Yeye hakubadilisha nafasi. Nikafungua na video. Katika wimbo waliokuwa wakiuimba sana wakati ule, ubeti wa mwisho aliuanzisha yeye, na kamera ya simu ilimgeukia hapo tu. Ubeti huo ulikuja baada ya dakika moja.

Picha pana na nyimbo nzima zilikuwepo kwenye mtandao wa pili, lakini binti hakuwa na akaunti huko. Simu yake ilikuwa na ule wa picha za mraba na ule wa video fupi.

Nilimtumia picha nzima palepale. Baadaye aliandika kwamba amekuwa akilia jikoni kwa watu, na kwamba mama amekonda kidogo au ni lile gauni tu.

Siku ya mazoezi nilienda ukumbini. Nilimkuta mama akipanga viti, nikamwamkia, nikamweleza pole pole. Nilimwonyesha kwenye simu picha ilivyopigwa na ilivyotokea. Alizitazama zote mbili.

"Kumbe mimi niko nje kabisa," alisema.

"Ndiyo, mama. Mashine inachukua katikati tu."

Akaketi kwenye kimojawapo cha viti alivyokuwa akivipanga. "Kila nikimwambia niko sawa, ananyamaza. Nilidhani amechoka kuongea na mimi."

Nilikaa karibu naye mpaka wenzake walipoanza kuingia.

Nilibadilisha programu wiki hiyohiyo. Sasa picha pana haikatwi. Inapunguzwa mpaka mstari wote uenee ndani ya mraba, na nafasi inayobaki juu na chini inajazwa na nakala ya picha ileile iliyotiwa ukungu. Video iliyozidi nayo haikatwi mkia kimya kimya. Inasimamishwa, inawekwa kando, nami naambiwa imezidi kwa kiasi gani, kisha ninachagua mwenyewe kipande cha kutuma. Kiongozi wa kwaya alilalamika kwamba nyuso zimekuwa ndogo. Nilimweleza sababu, akaniambia basi ziwe ndogo. Picha za zamani nilizipandisha upya, zikiwa nzima, pamoja na ule ubeti wa mwisho peke yake.

Kwa muda binti aliendelea kuniandikia. Aliniuliza kama Jogoo Road bado inafurika mvua ikinyesha, kama yule wa kuuza soseji za smokie karibu na stendi bado yupo. Nilienda kutazama ili nimjibu vizuri. Siku nyingine nilimpigia picha ya geti la shule yake ya msingi. Alinieleza kwamba bibi anayemtunza humwita kwa jina la mtu mwingine, na ameacha kumsahihisha. Nami nikamweleza habari za mwenzangu wa Kisumu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilianza kukaa karibu na simu.

Kisha jumbe zikapungua. Hatukukosana. Mama alikuwa akionekana kila wiki, ubeti wake ulisikika, na walipoongea kwa simu walikuwa na mengi ya kusema. Hakuwa tena na swali la kuniuliza. Nilimwandikia mara moja kumjulia hali, akajibu kwa upole kwamba yuko poa, Mungu ni mwema.

Jumatatu hii kwaya imetuma picha mpya. Mama yuko mwisho wa mstari, kidevu juu, amevaa kitambaa cha zambarau. Nimeiweka kwenye folda, ikapunguzwa, ikajazwa ukungu, ikaenda. Jioni nimeifungua kuona nani ameipenda. Jina la akaunti ya binti limo, katikati ya majina ya watu nisiowajua.