Mkopo Aliousifia Kijiweni

Dereva wa bodaboda aliusifia mkopo wake kijiweni: unapewa laki moja, unarudisha elfu tatu na mia tano kila siku kwa siku thelathini. Rafiki yake akakopa pia.

Shemeji wa dereva, mweka hazina wa kikundi cha akiba, aliposikia akapiga hesabu.

“Riba si asilimia tano tu?” dereva akauliza.

“Ingekuwa tano kama ungekaa na laki yote mwezi mzima. Unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani unabaki na nusu tu. Ni kama kumi kwa mwezi, shemeji. Riba ikizaa riba, kwa mwaka inapita mia mbili.”

Aibu ikamshika. Akamfuata rafiki yake kijiweni.

“Nimekuponza, ndugu yangu. Riba ya ule mkopo ni kama asilimia kumi kwa mwezi, si tano.”

Rafiki akawasha pikipiki, akaondoka bila kumtazama.