Gauni la Mwalimu, kwa Maneno

Nilikuwa nauza magauni ya mitumba kwenye kibanda mjini Meru, na jioni nikirudi chumbani kwangu Kinoru nilikuwa nayatundika ukutani moja moja, napiga picha na kuziweka mtandaoni. Mteja wa kibandani anashika nguo, anaivuta mshono, anaitazama kwenye mwanga, kisha ananitajia bei ya kunitusi. Namjibu kwa bei ya kumtusi, tunaelewana. Mteja wa mtandaoni anabonyeza kidole gumba na kupotea. Nilikuwa na wafuasi wengi wa aina hiyo. Nilikuwa nawahesabu, nikimaliza nawahesabu tena, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimekula nini.

Mimi ni wa Kianjokoma. Kiembu changu na Kimeru chao ni majirani wanaosalimiana juu ya ua: tunasikizana vya kutosha kuuziana vitunguu, na tunatofautiana vya kutosha kuchekwa. Mume wangu alikuwa ameondoka. Hakufa, aliondoka tu, na hilo halichangiwi na mtu wala kuletewa chai. Kwa hiyo simu ilipoita jioni moja na sauti ya mama mtu mzima ikauliza kama mimi ndiye wa magauni, nilizima jiko ili nisikie vizuri.

Alijitambulisha kuwa mwalimu mstaafu kutoka Kianjai. Presha ya macho ilikuwa imemla macho polepole, miaka na miaka, mpaka yakazima. Simu yake inasoma kwa sauti kila kinachoguswa, na alikuwa amefuata ukurasa wangu tangu mvua ianze.

"Na mpaka leo sijui unauza nini," akasema. "Nikigusa picha, simu inaniambia kwa Kiingereza huenda hii ni picha ya nguo. Huenda. Nikishuka chini nasikia moto, moto, moto, moto, moyo, moyo. Ni nguo ama nyumba inaungua?"

Yale yalikuwa mapambo yangu, zile emoji. Nilikuwa nikipanga moto mstari mzima kuonyesha mali ni kali, na simu yake ilikuwa inausoma mmoja mmoja kama mahudhurio ya darasa. Nikamwambia kwa upole kwamba bei na saizi ziko kwa picha, nimeziandika juu yake.

"Na picha iko kwa macho," akajibu.

Halafu akanieleza shida yenyewe. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Tangu macho yaende, wifi yake ndiye alikuwa anamchagulia nguo. "Ananivalisha kama mtu anayefunika kiti," alisema. "Sitaki ugomvi. Nataka siku hiyo moja nivae kitu nilichokichagua mwenyewe. Sasa niambie, utaniandikia ama nitafute mwingine?"

Nikasema nitaandika. Kwa muuzaji, swali la namna hiyo halijibiwi mara mbili.

Siku iliyofuata nilitafuta mahali pa kuandika maelezo ya picha. Pako, pamejificha nyuma ya zile nukta tatu, pembeni, kama mlango wa choo cha hoteli. Maelezo hayo hayaonekani na wenye macho, ila simu ya asiyeona inayasoma akiigusa picha. Nikachukua gauni la kijani na kuandika kama ninavyoita wateja: gauni safi, kamera kabisa, linavutia, litakutoa, usikose. Kamera kwetu sokoni ni nguo ya kuchaguliwa kwanza bunda likifunguliwa. Ya mwisho tunaiita fagia.

Mwalimu alipiga simu kabla sijamaliza chai. "Umelisifu," akasema. "Sasa lieleze."

Nikaeleza. Niliandika ukuta, msumari, hanga ya waya, pazia lililoonekana kwa pembeni, ufa wa ukuta unaoshuka mpaka kwa swichi, kisha gauni. Akapiga tena. Alisema amesikiliza mpaka mkono wa simu umekufa ganzi, na sasa anaijua nyumba yangu kuliko gauni. "Anza na kile ninachonunua. Na usianze na 'hii ni picha ya'. Simu imeshaniambia ni picha."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, kwa simu, na mtu aliyezoea kufundisha. Nguo ni nini, rangi gani, shingo ikoje, mkono unafika wapi, urefu unaishia wapi, kitambaa gani, kasoro ni ipi. Rangi alizijua, alikuwa ameziona nusu ya maisha yake, ila hakutaka jina tupu. Nilipoandika "nyekundu" aliuliza nyekundu ya udongo wa barabara ama ya kahawa iliyoiva. Bei na saizi nikazitoa kwenye picha na kuziandika chini yake kwa herufi za kawaida, maana zile herufi za kujipinda nilizozipenda simu yake ilikuwa inazisoma kama hesabu, ama inaziruka tu. Moto nikaacha mmoja, wa heshima.

Kasoro ndiyo iliyonisumbua. Kwenye picha doa linajionyesha lenyewe; mnunuzi akilikosa, macho ni yake. Kwenye maelezo, nisipoliandika halipo. Nilikuwa nimeishi kwa kunyamaza mahali panapofaa, na sasa kunyamaza kulikuwa kunasomwa kama neno.

Wakati huohuo alijitokeza mwingine, fundi wa viatu wa Embu mjini, asiyesikia. Huyu alikuwa akiandika chini ya video zangu: "Mama, midomo inaenda. Unasema nini?" Niliwasha maandishi ya kujiandika, lakini mtambo ulikuwa unasikia Kiswahili changu chenye Kiembu ndani na kukiandika kama Kiingereza cha mlevi. Nikaanza kuyaandika mwenyewe. Ya kwanza yalikuwa meupe juu ya gauni la lesi nyeupe, na yeye akaandika kwamba anaona mawingu. Nikayaweka ya manjano juu ya utepe mweusi, mistari miwili mifupi, yakiwa yamepanda kidogo kutoka chini, ambako vitufe vya mtandao vinafunika kila kitu. Na nikajiwekea sheria: maandishi hayaondoki kabla sijayasoma mara mbili bila haraka.

Siku moja akauliza, "Hapo katikati ulicheka nini?" Nikarudia video. Kweli nilikuwa nimecheka, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nikaongeza kwenye maandishi, ndani ya mabano: anacheka peke yake. Nikalitazama neno hilo kwa muda. Lilikuwa sahihi, nikaliacha.

Mwalimu alikuwa akipiga karibu kila jioni. Tulikuwa tunaanza na mikono ya gauni na kuishia kwa magoti yake, bei ya maharagwe, mhubiri wao anayependa kipaza sauti. Nilikuwa natandika nguo kitandani nikimsikiliza, na chumba kilikuwa na watu wawili. Jioni moja alipokuwa akiniuliza juu ya gauni la buluu, sauti nyingine ikaingia, kavu. Wifi. Alikuwa ameichukua simu. Akaniambia buluu haimfai mgonjwa wake, nimletee lile la kijivu aliloliona kwenye ukurasa wangu, na buluu nisimtajie tena. Mwalimu aliporudishiwa simu alisema tu, "Sawa, mama, tutaongea," na akakata. Lile la kijivu sikulituma, nilisema limeuzwa. Ila nilielewa. Kila akipiga kuuliza, nyumba nzima inasikia, na kuchagua kunarudi kwa wenye macho.

Basi nikaandika vizuri zaidi. Nikawa naandika kila kitu ambacho angeuliza. Na kadiri nilivyoandika vizuri, ndivyo simu ilivyoita mara chache. Kila jioni, kisha jioni mojamoja, kisha ujumbe tu: "Nimesikia. Si langu." Nilikuwa nimetengeneza duka ambalo mteja hahitaji muuzaji. Mjanja kama mimi.

Gauni lenyewe lilitoka kwenye bunda la Jumatano. Nilipolishika tu nilijua. Niliandika: Gauni la zambarau iliyokolea, kama tunda la zambarau lililoiva mpaka kukaribia kupasuka. Shingo ya duara, isiyo wazi. Kitambaa kizito kinachoshuka bila kukunjamana. Linafika chini ya goti, karibu na katikati ya muundi. Pindo limeshonwa upya upande wa kulia kwa uzi mweusi, linaonekana ukiinama.

Sikuandika mkono unafika wapi.

Nilijua atauliza. Alitaka mkono upite kiwiko, na kila gauni aliuliza hilo kwanza. Angelazimika kupiga. Nilikaa kitandani na simu mapajani, ile sehemu ya maelezo ikiwa bado wazi, nikimwona kwa mawazo akitafuta namba yangu, na wifi akiwa meza ya pili akipepeta mchele kwa mikono na maneno yetu kwa masikio. Chai ikaota ngozi. Nikaongeza: Mikono mirefu, inapita kiwiko na kuishia nusu ya njia kwenda kifundo cha mkono, na kishikizo kimoja cha rangi ileile.

Nikaweka. Haikuchukua muda. "Hilo ni langu," aliandika. "Usimwambie mtu." Hakushusha bei, na hilo liliniuma kidogo, nilikuwa nimeipandisha makusudi ili aishushe. Nikaishusha mwenyewe, nikafunga gauni kwa gazeti na kulituma Kianjai kwa gari la asubuhi.

Baada ya hapo kimya. Mavuno yakaja, mahindi yakaanikwa. Niliendelea kuandika maelezo ya magauni, nikijua kuna anayeyasikia, bila kujua ni nani.

Kisha Jumapili moja nikapata picha. Chini yake Mwalimu alikuwa ameandika: "Wameiweka kwa kundi la familia. Kila mtu ameandika 'wow'. Sijui ni wow ya nini. Niandikie."

Ilikuwa picha ya harusi ambayo sikualikwa, na hakukuwa na sababu ya kunialika. Nilihesabu watu nikapata kumi na wanane, nikahesabu tena nikapata kumi na tisa, maana kuna mtoto alikuwa amejificha nyuma ya koti. Sikumjua hata mmoja. Nikaandika:

Watu kumi na tisa mbele ya hema jeupe. Bibi harusi yuko katikati, anacheka mdomo wazi, macho amefumba. Wewe uko kulia kwake. Gauni lako ni la zambarau na ni wewe peke yako uliyevaa zambarau. Wengine wengi wamevaa kijani cha sare. Linakukaa vizuri mabegani. Mikono inapita kiwiko. Bibi harusi amekushika mkono kwa mikono yake miwili. Hutazami kamera, umegeuka kwake.

Nilisoma mara mbili nione kama nimesifu popote. "Linakukaa vizuri" nikaipima na picha, nikaona ni kweli, nikaiacha.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Na wifi?"

Nikavuta picha kwa vidole viwili. "Yuko nyuma yako," nikaandika. "Amevaa kijivu. Anaangalia gauni lako."

Nilingoja simu iite. Haikuita. Alikuwa amepata yote aliyoyataka.