Dakika ya Saba na Sekunde Kumi na Mbili

Bosi wangu alijiita mtayarishaji. Alichotayarisha sikukiona. Alipakua video za watu mtandaoni, akazikata vipande, akaviunga na kuviita "bora". Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mtaani Bombambili, juu ya duka la vifaa vya umeme, na mimi niliajiriwa kuandika vichwa na maelezo kwa sababu, alisema, Kiswahili changu kimenyooka.

Hata hivyo, vichwa alivitunga mwenyewe. "VICHEKESHO 50 BORA, HUTAAMINI!" Nikahesabu vipande: thelathini na kimoja. Nikamwambia. "Dada, nani anahesabu?" Mimi nilihesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kuorodhesha kila kipande chini ya video pamoja na dakika na sekunde kinapoanzia, nikianza na 0:00, maana bila hiyo sifuri mtandao haugawi video kwa sura, kama za kitabu. Mbele ya kila kipande nilitakiwa kuandika kilikotoka. Bosi alinipa maneno mawili ya kutumia kote: "Chanzo: mtandaoni." Ni kama kumuuliza mtu mahindi kayatoa wapi, akujibu shambani. Mwishoni tulibandika sentensi ya kwamba hatumiliki haki zozote. Aliiamini sentensi hiyo kama hirizi.

Niliandika hivyo kwa miezi. Nilimdharau kila siku, na kila siku niliandika.

Asubuhi moja walipanda ngazi wanawake wawili, mama mtu mzima wa mtaa wa Msamala na binti yake mwalimu. Bosi akaruka kitini. "Shikamoo mama, karibuni, mnataka tangazo?"

"Marahaba," mama akasema, akabaki amesimama. Binti akatoa simu na kutuonyesha video yetu, "BIBI WALEVI BORA WA MWAKA", dakika ya saba na sekunde kumi na mbili. Alikuwa mama yule yule, kitambaa cheupe kichwani, akicheza ngoma huku mabega yakitetemeka vizuri sana. Juu yake bosi alikuwa amebandika maandishi mekundu: KALEWA CHAKARI.

"Nani kaandika?" mama akauliza.

Bosi hakusita. Akaninyooshea kidole. "Huyu dada ndiye mwandishi wetu."

Maandishi mekundu hayakuwa yangu. Lakini kwenye orodha nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "7:12, bibi kalewa, chanzo: mtandaoni."

"Ulikuwepo?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Ile ni kioda, ngoma yetu wanawake. Ni kipaimara cha mjukuu wangu. Sijaonja pombe tangu nizaliwe. Jumapili nimetoka kanisani, wenzangu wa jumuiya wananicheka."

Bosi akaanza kueleza habari za hirizi yake, kwamba tumeandika kabisa chini hatumiliki haki. Binti akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyenakili hadi jina la mwenzake. Wakaondoka bila kuaga.

"Ifute," nikamwambia.

"Hicho ndicho kipande kinachoangaliwa kuliko vyote," akajibu, akaenda kunywa supu.

Nikatafuta chanzo. Haikunichukua hata robo saa. Alikuwa mpiga picha za sherehe kutoka Tunduru, mwenye chaneli ndogo, na kichwa chake kilisema wazi: "Mama acheza kioda, kipaimara, Msamala." Jambo lote lilikuwa limeandikwa pale. Bosi aliliona alipopakua, akalitupa.

Nilikuwa na nywila. Kubadili kichwa na maelezo ni dakika mbili, ila yale maandishi mekundu yalikuwa ndani ya picha yenyewe, hayafutiki. Kwa hiyo nilikikata kipande chote, sekunde arobaini na moja, kwa kifaa cha mtandao wenyewe. Kila kipande kilichofuata sasa kilianza mapema zaidi, nami nikatoa sekunde arobaini na moja kwenye kila mstari, mmoja mmoja. Kisha nikamwandikia mpiga picha kumweleza kilichofanyika.

Bosi alipogundua alinifukuza, akakipandisha kipande kile tena, kikiwa peke yake. Mpiga picha akawasilisha malalamiko ya hakimiliki, na mtandao ukakiondoa. Wiki iliyofuata bosi alinipigia, sauti laini.

"Dada yangu, nitafutie vyanzo vya video zote. Niwataje wote, yaishe."

"Kutaja si kuomba ruhusa," nikamwambia. "Na mafaili yote uliyapa majina ya namba. Nitamtafutaje mwenye 00347?"

Halafu, Mungu shahidi, akauliza kama kuna sentensi kali zaidi ya kubandika chini.

Nilikata simu. Jumapili nilimkuta yule mama nje ya kanisa, nikamwamkia na kuomba radhi. Aliitikia marahaba, akaendelea kuongea na wenzake.