Soda Mbili za Mama wa Jikoni

Mgahawa wetu uko ufukweni mwa ziwa, na siri ya meza kujaa ilikuwa mwanamke mmoja kutoka Nansio, mpishi wa sato. Mimi nilikuwa mhudumu. Samaki alikaangwa na yeye, sifa na bakshishi nikapokea mimi.

Tulikuwa na desturi yetu: kila Jumamosi wahudumu tunamnunulia mpishi soda mbili, na huo ndio mgao wa jikoni. Tulijiona wakarimu sana.

Jumamosi moja alizirudisha zikiwa hazijafunguliwa.

"Kaka, hizi kunywa wewe. Mwisho wa mwezi nahamia Butimba, pale karibu na chuo. Nimeshapata kibanda cha biashara."

"Mama, kwani tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Mnaninywesha tu."

Nikapiga hesabu ya sato bila yeye. Nikaipiga tena. Mara zote mbili mgahawa ulifungwa.

Na sisi wahudumu tulikuwa na kilio chetu. Wateja siku hizi hawatembei na noti. Bili ni elfu arobaini na sita, mtu anatuma hamsini kwa simu, anakwambia, "Inayobaki ni yako." Yangu wapi, wakati imeingia kwenye namba ya bosi? Jioni keshia analinganisha simu na risiti, anakuta pesa imezidi, anaandika "ziada". Hiyo ziada haikuwahi kurudi kwetu. Na chini ya kila bili kulikuwa na mstari wa huduma, asilimia tano, ambao mteja alilipa akidhani anatulipa sisi.

Nikamwendea bosi asubuhi, kabla simu hazijaanza kumvuruga.

"Shikamoo bosi. Ule mstari wa huduma unakwenda wapi?"

"Marahaba. Unakwenda kwenye gesi na glasi mnazovunja."

"Gesi haijawahi kumkaribisha mteja, bosi."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Na kodi je? Huo mstari uko ndani ya risiti, unakatwa kodi kama mauzo mengine."

"Kata kodi kwanza. Kinachobaki tugawane."

"Nusu."

"Bosi, mpishi anahama mwisho wa mwezi."

Hilo hakuwa nalo kwenye hesabu zake. Akaiacha ile nusu, akaomba tu gharama ya glasi zinazovunjika ibaki upande wetu. Nikakataa glasi, nikakubali tubebe makato ya kutoa pesa kwenye simu, kwa sababu ukishinda kila kitu mwenzio hukumbuka baadaye. Tukakubaliana pia kwamba mteja akizidisha, mhudumu anaandika bakshishi nyuma ya nakala ya bili palepale, keshia anasaini. Jioni, pesa ya simu ukiondoa jumla ya risiti lazima ilingane na hizo nakala. Bakshishi ya noti inaingia kwenye kopo lenye kufuli, inahesabiwa mbele ya wote.

Kazi ngumu ilikuwa wenzangu.

"Yaani mimi nitabasamu siku nzima halafu nigawane na anayeosha vyombo?" mmoja akauliza.

"Peleka basi sahani chafu, uone utatabasamu na nani."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukatoka na pointi: mhudumu tano, na tuko watatu, mpishi tano, msaidizi wake nne, muosha vyombo tatu, keshia tatu. Jumla thelathini. Usipoingia kazini siku moja, pointi za siku hiyo huna.

Mpishi alisikiliza akiendelea kupara samaki. "Nitaona," akasema.

Wiki ya kwanza hakuna aliyekosa siku. Tukamwaga kopo mezani, tukajumlisha na huduma na bakshishi za simu: laki tatu na thelathini elfu. Elfu kumi na moja kwa pointi. Nikahesabu mara mbili, mpishi akanitaka nihesabu ya tatu.

Fungu langu lilikuwa elfu hamsini na tano. Zamani wiki nzuri nilikuwa naondoka na sitini. Iliniuma kidogo, sitadanganya. Ila wiki mbaya nilikuwa naondoka na nauli.

Mpishi naye hamsini na tano. Akazikunja, akazifunga kwenye pindo la khanga, akarudi jikoni. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za kibanda.

Jumamosi iliyofuata nikakuta soda mbili kwenye kaunta, baridi, jasho likiteremka.

"Za nani hizi, mama?"

"Zako na mwenzio mbishi yule. Kile kibanda nimempa mdogo wangu wa Buhongwa, auze chapati." Akageuza samaki kwenye mafuta. "Ila msiziandike kwenye mgao. Hizo nimenunua mwenyewe."