Dawa Kubwa na Utando wa Waridi

Sogea unisikilize, wewe unayeuguza mtu. Nitaeleza polepole, na usione haya usipoelewa mara moja. Mimi niliyasoma haya chuoni, lakini niliyaelewa kazini, katika maabara ya hospitali hapa Njombe.

Mgonjwa alikuwa mama mchuuzi wa Lyamkena, kule Makambako. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na aliporudi nyumbani mshono ukaanza kutoa usaha. Ndugu zake wakampa vidonge vya antibiotiki vilivyobaki ndani na vingine vya dukani. Homa ikishuka wanaacha, ikipanda wanaanza tena. Alipoletwa kwetu homa haikushuka tena, na figo zilikuwa zimeanza kuchoka.

Nilipaka usaha wake kwenye kioo, nikaukausha, nikautia rangi ya zambarau, kisha ayodini, nikaosha kwa spiriti, mwisho nikaweka rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Hawa walitoka waridi, vijiti vifupi, wamejaa kila nilipoangalia. Usaha mwingine niliupanda kwenye sahani ya kuoteshea.

Asubuhi kaka yake alinisubiri mlangoni, amekumbatia boksi la barafu.

"Kamwene, dokta."

"Kamwene. Mimi si dokta, kaka. Ni wa maabara."

"Ndiyo wewe ninayekutaka. Manesi wanasema mpaka maabara iseme. Basi sema." Akafungua boksi. Ndani kulikuwa na vichupa vya vankomaisini, antibiotiki ya sindano, alivyoagiza kutoka mbali. "Hii ndiyo dawa kubwa. Jirani yetu mguu ulikuwa ukatwe. Akachomwa hii, sasa anapakia mbao."

Nikamvutia kiti. Nilimwambia mdudu wa jirani huenda alikuwa wa zambarau, asiye na ngozi ya nje. Huyu wa dada yake ana utando mmoja zaidi, umezunguka nje ya ukuta wake, na sehemu yake ya juu ni mafuta yaliyofungamana na sukari, imebanana. Chakula chake hupita kwenye vijia vyembamba vya protini vilivyojaa maji, vinavyoitwa porin. Dawa ndogo inayopenda maji hupenya humohumo.

"Hii yako ni kubwa mno, kaka. Ni gunia la lumbesa la viazi, na mlango ni wa vifaranga."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Sisi wa Makambako lumbesa hatuishindwi. Tunaifungua, tunapitisha kiazi kimoja kimoja."

"Ukiivunja hii haiwi dawa tena."

"Basi muiongeze. Mchome mara mbili."

"Hata ukipanga lumbesa kumi mlangoni, ndani haiingii hata moja. Nazo figo zake zitaumia bure."

Akafunika boksi. Kisha akauliza swali zuri, nami nikamsifu kwa dhati: "Kwa hiyo dawa ndogo itapita?"

"Mara nyingi hupita. Kesho tutajua ipi."

Ile kesho sipendi kuikumbuka. Vijiduara vya karatasi vyenye dawa ndogo, nilivyovipanga jana yake, vilikuwa juu ya sahani, na bakteria wameota mpaka kwenye kingo zake. Mahali dawa inapofanya kazi hubaki duara tupu. Sikuona duara hata moja. Maabara yetu haiwezi kuviona vijia vyenyewe, hivyo sikuweza kusema walifanyaje. Najua tu wanavyoweza: hupunguza vijia au kuvifanya vyembamba zaidi, hutapika dawa iliyokwisha kuingia, tena huwa na vimeng'enya vya kuikata iliyobaki. Bakteria wanaonusurika dozi zilizokatishwa ndio wanaozaana.

Ilikuwapo dawa moja isiyohitaji mlango, inayorarua utando wenyewe. Haikuwapo Njombe, haikupatikana Makambako, na daktari alisema figo za mama zisingeihimili kwa urahisi. Waliendelea kuitafuta kwa simu.

Kaka alirudi maabara mchana. Hakukaa.

"Dada yangu anauliza kama bado ninaongea na wewe. Nimwambie nini?"

"Mwambie tunatafuta."

"Tunatafuta," akarudia, kama mtu anayejifunza neno la kigeni. "Na hii yangu?"

"Mpe mfamasia aitunze, kaka. Itamfaa mwenye mdudu wa zambarau."

"Mimi sina mgonjwa mwingine," alisema.

Mama alifariki kabla dawa haijapatikana. Niliambiwa wodini nilipopeleka majibu ya watu wengine. Sahani yake niliiteketeza kama tunavyoteketeza zote, na kwenye kioo vile vijiti vilikuwa bado vya waridi, vizuri kutazama. Tangu hapo nimepaka vioo vingi. Wa waridi wanaongezeka, na maduara matupu yanapungua. Ningependa kukuambia vinginevyo.

Mgonjwa wako akitoa usaha kwenye mshono, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na kabla hajapewa dozi ya kwanza, kabla dawa haijamficha mdudu, uliza hivi: "Sampuli ya maabara imeshachukuliwa?"