Sahani ya Sitini

Ofisini walimwita Bi Jedwali, maana kwa miaka thelathini hakikununuliwa kitu bila kupita kwenye jedwali lake la bei. Wiki aliyostaafu, alilinganisha wapishi wa sherehe ya kumuaga yeye mwenyewe, kwa sababu kazi hiyo hakuna mwingine aliyeiweza.

Wageni walikuwa sitini, naye akiwemo. Mpishi wa kwanza alitaka 9,000 kwa sahani, yaani 540,000, na hema na viti 150,000, usafiri na wahudumu wakiwemo. Jumla kuu ilikuwa 690,000. Wa pili alitaka 480,000 za chakula na 150,000 za hema na viti.

"Si bora huyu wa 630,000, mama?" bosi akauliza.

"Soma maandishi madogo, bosi. Usafiri 50,000 na wahudumu 40,000 ni juu yetu. Huyo ni 720,000."

Bosi akakuna kichwa. "Basi wa kwanza. Ila bajeti ni 685,000, haiongezeki hata senti."

Bi Jedwali akafuta sitini, akaandika hamsini na tisa, jumla ikawa 681,000. Bosi akatia saini bila kuuliza aliyepunguzwa ni nani.

Siku ya kuagwa, Bi Jedwali alifika na hotpoti ya chakula chake kutoka nyumbani.